Jinsi ya kugawa bei ya pakeji kwenye invoisi kama bidhaa ina kodi na huduma haina

Unauza pakeji moja kwa bei moja, ndani yake kuna bidhaa inayotozwa kodi na huduma iliyosamehewa kodi. Tuchukue cherehani ya umeme pamoja na mafunzo ya siku tatu. Tuseme cherehani inatozwa kodi asilimia 20 na mafunzo yamesamehewa (wewe weka viwango vya kwenu, hesabu ni ileile).

Kabla ya kugusa kikokotoo jiulize kwanza kama hivyo ni vitu viwili kweli. Kama mteja angeweza kuyanunua mafunzo peke yake, na akayaona ni kitu cha kulipia, hapo una sababu ya kugawa. Ila kama huduma yenyewe ni dakika kumi za kumuonyesha anavyotia uzi, hiyo inaifuata cherehani na inachukua kodi ya cherehani, usiitengenezee mstari wake ili kupunguza kodi, mkaguzi hilo ndilo analolitafuta.

Ukishajiridhisha, tafuta bei ya kila kitu kikiuzwa peke yake. Itoke kwenye orodha yako ya bei yenye tarehe ya kabla ya mauzo, au invoisi za zamani. Kama mafunzo hujawahi kuyauza peke yake, anza na gharama yake, yaani malipo ya mwalimu, ukumbi na vifaa, ongeza faida yako ya kawaida, halafu andika karatasi inayoonyesha umefikaje hapo na uitunze.

Sasa hesabu, na hapa ndo wengi wanaangukia. Cherehani peke yake ni 300,000 kabla ya kodi, na kodi ikiwa ndani ni 360,000. Mafunzo ni 100,000. Jumla 460,000, wewe pakeji unaiuza 414,000 kodi ikiwa ndani. Hiyo 414,000 ina kodi ndani yake, kwa hiyo uwiano nao lazima utoke kwenye bei zenye kodi:

```
Cherehani: 414,000 x 360,000 / 460,000 = 324,000
Mafunzo:   414,000 x 100,000 / 460,000 =  90,000
Cherehani bila kodi: 324,000 / 1.20    = 270,000
Kodi: 324,000 - 270,000                =  54,000
```

Angalia, cherehani imeshuka kutoka 300,000 hadi 270,000 na mafunzo kutoka 100,000 hadi 90,000, vyote vimepungua asilimia 10, punguzo limekaa sawa pande zote mbili.

Mfanyabiashara mmoja niliyemsaidia kupanga vitabu vyake alikuwa anatumia bei zisizo na kodi, 300,000 kwa 100,000, anapata robo tatu kwa robo, halafu anaigawa 414,000 hivyo. Mafunzo yakawa 103,500. Yaani mteja kanunua pakeji ya punguzo halafu mafunzo yametoka ghali kuliko angeyanunua peke yake! Kodi nayo ikashuka hadi 51,750, pungufu ya 2,250 kwa kila pakeji, na alikuwa ameshauza nyingi. Kwa hiyo kabla hujatoa invoisi linganisha kila mstari na bei yake ya peke yake, ukiona mstari mmoja umepita basi umechanganya bei zenye kodi na zisizo na kodi. Kosa lingine ni kulibebesha punguzo lote kwenye cherehani na kuyaacha mafunzo kwenye 100,000, nalo linapunguza kodi na huna cha kulitetea nalo.

Kwenye invoisi andika mistari miwili, kila mmoja na jina lake, kiasi kabla ya kodi, kiwango cha kodi na kodi yenyewe. Usiandike "pakeji" tu halafu ugawe ofisini baadaye, sehemu nyingi bei isiyotenganishwa kwenye invoisi inatozwa kodi yote. Senti za kukadiria zikibaki, ziweke kwenye mstari uleule kila mara ili jumla irudi 414,000 kamili.

Kwenye ritani, 270,000 inaenda kwenye mauzo yenye kodi, 54,000 kwenye kodi ya mauzo, na 90,000 kwenye mauzo yaliyosamehewa. Usiipeleke kwenye kisanduku cha asilimia sifuri, ni vitu viwili tofauti, kwa sababu mauzo yaliyosamehewa kwa kawaida yanakunyima kurudishiwa kodi uliyolipa kwenye manunuzi yaliyotumika kwa hayo mafunzo, yale ya asilimia sifuri hayakunyimi.

Halafu mteja akighairi mafunzo kabisa na makubaliano yenu yanaruhusu kurudisha pesa, krediti noti iwe ya 90,000. Siyo 100,000 ya kwenye orodha ya bei, maana hiyo hakuwahi kuilipa, na kodi ya cherehani inabaki 54,000 bila kuguswa.