Udhamini, promosheni au bidhaa ndani ya tamthilia: pima hivi kabla ya kusaini

Mwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti Singida anataka kuingia soko la Dodoma mjini. Ana shilingi milioni 20 za matangazo na mezani pake kuna barua tatu. Ya kwanza inamwomba adhamini mashindano ya soka ya wilaya. Ya pili ni ya wakala wa promosheni, anayetaka kukaanga na kuonjesha kwenye masoko na minada. Ya tatu imetoka kwa mtayarishaji wa tamthilia, anayeahidi kuweka chupa ya mafuta hayo kwenye jiko la mhusika mkuu. Kila barua imeandika idadi ya watu watakaofikiwa, na ya tamthilia ndiyo kubwa kuliko zote.

Nitatumia mfano huu kuonyesha ninavyolinganisha njia hizi tatu. Namba zote za kiwanda ni za mfano tu. Weka zako.

Hatua ya 1: Andika nani ananunua, na bidhaa inapatikana wapi

Fanya hivi kabla hujaangalia bei yoyote. Mafuta ya kupikia hununuliwa na anayepika nyumbani, mama lishe na wakaanga chipsi. Huyu wa Singida, kwa sasa, ataweza kujaza maduka ya Dodoma mjini tu. Mambo haya mawili ndiyo yatakayoamua karibu kila kitu hapa chini. Mtu wa Mbeya anayependa mafuta yako kwenye runinga, kisha asiyakute dukani, atanunua ya mwingine.

Hatua ya 2: Tafuta gharama kamili

Ada ya udhamini inakununulia haki ya kutumia jina na nembo, basi. Jezi, mabango, tangazo la redio linalosema kwamba wewe ndiye mdhamini, vijana wa kugawa vipeperushi, usafiri: hayo yote unalipa juu yake. Kwa ada ya milioni 10, kiwanda chetu kitahitaji kama milioni 8 zaidi ili udhamini huo uonekane. Ukibaki na ada peke yake, utapata bango moja nyuma ya goli na jina lako kusomwa haraka siku ya fainali.

Promosheni gharama zake ziko wazi zaidi, kwa kuwa unalipa kwa siku: hema, spika, wapishi, kibali cha eneo, bidhaa ya kuonjesha. Tuseme 900,000 kwa siku, siku 12, jumla milioni 10.8. Tamthilia inaomba milioni 12 kwa matukio manne ya jikoni katika msimu mmoja.

Kwa zote tatu, uliza kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani.

Hatua ya 3: Punguza idadi ya waliofikiwa mpaka ibaki ya kweli

Chuja mara tatu: watu halisi bila kurudiwa, kisha wanaonunua bidhaa ya aina yako mahali ulipo, kisha watakaokumbuka jina lako.

Mashindano ya soka: mechi 20 zenye wastani wa watu 600 zinaandikwa 12,000, lakini wengi ni walewale wanaorudi kila jioni. Tuseme ni watu 4,000. Wanaonunua mafuta wenyewe ni asilimia 30, yaani 1,200. Wanaokumbuka mdhamini ni asilimia 40, wanabaki 480. Milioni 18 ukigawanya kwa 480 unapata shilingi 37,500 kwa mtu mmoja.

Promosheni: watu 250 wanaonja kila siku, kwa siku 12 ni 3,000. Sokoni wanunuzi ni wengi, weka asilimia 80, yaani 2,400. Aliyeonja andazi na kuongea na mpishi hukumbuka zaidi, weka asilimia 60, wanabaki 1,440. Gharama ni 7,500 kwa mtu, na hapo hujahesabu chupa zilizouzwa palepale.

Tamthilia: barua inasema watazamaji 200,000 nchi nzima. Walioko Dodoma mjini tuseme ni 10,000, nusu yao wananunua mafuta, na mmoja kati ya kumi anakumbuka jina. Wanabaki 500, kwa shilingi 24,000 kila mmoja.

Sasa rudia hesabu ya tamthilia ukichukulia kwamba mafuta yako yapo madukani nchi nzima. Wanunuzi ni 100,000, wanaokumbuka 10,000, na gharama inashuka hadi 1,200. Tamthilia ni ileile kwa bei ileile, ila usambazaji umeifanya iwe rahisi kuliko zote. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie njia fulani ni ghali au rahisi bila kuuliza bidhaa yako imefika wapi.

Asilimia za kukumbuka usizibuni. Kabla ya kampeni, waulize watu 60 sokoni: "Ukiambiwa utaje mafuta ya kupikia, unayakumbuka yapi?" Usitaje jina lako. Rudia swali hilohilo wiki mbili baada ya jaribio dogo, kisha toa waliokutaja mwanzoni.

Hatua ya 4: Pima kama chapa inaendana na mahali pake

Kipimo changu ni kujiuliza: nikiiondoa chapa hii na kuweka ya bidhaa nyingine kabisa, kuna atakayeshtuka? Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi, chini ya mlima, na mdhamini wake mkuu amekuwa bia yenye jina la mlima huohuo. Ukiitoa, pengo litaonekana. Mafuta ya alizeti kwenye soka la wilaya hayana uzito huo, ila kwenye sufuria ya muuza maandazi yapo nyumbani kwake.

Soka lina jambo la pili, nalo ni ushabiki. Ukivaa rangi za upande mmoja, upande wa pili unakuona adui. SportPesa walipoingia Tanzania mwaka 2017 waliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Asiye na uwezo wa kubeba pande zote mbili ni bora adhamini mashindano yenyewe, kama NBC walivyofanya kwa Ligi Kuu kuanzia 2021: mtangazaji hawezi kuitaja ligi kwa jina lake kamili bila kuitaja benki.

Hatua ya 5: Mkataba wa tamthilia usomwe mara mbili

Nakaa zaidi hapa kwa sababu kosa la promosheni ya Jumamosi unalirekebisha Jumapili, lakini tukio likisharekodiwa limeisha. Omba kusoma hati ya matukio yako. Andikeni lebo ionekane kwa sekunde ngapi, mhusika aimimine au iwe tu mezani, na kama jina litatamkwa. Mpinzani wako asiwepo msimu huo. Chupa isitumike kwenye ugomvi, sumu wala jiko chafu. Na muhimu kuliko yote, lipa nusu mwanzo na nusu baada ya kuona kipande kilichohaririwa, maana mhariri akibanwa na muda anaweza kukata sekunde zilezile ulizolipia. Ulizia pia marudio na vipande vitakavyowekwa YouTube.

Kiwanda chetu cha Singida, kwa hesabu hii, kichukue promosheni ya siku 12. Milioni 9.2 zinazobaki ziende kwenye kujaza maduka yaliyo jirani na masoko hayo, ili aliyeonja Jumamosi ayakute mafuta Jumatatu. Barua ya tamthilia aitunze mpaka apate wasambazaji katika mikoa mingine, kisha arudie hatua ya 3 kwa namba mpya.