Wasanii wapya someni hii kwanza: pembetatu, tekscha na majina ya mafaili

Karibuni. Juzi nimekaa na msanii wetu mpya karibu siku nzima kwa ajili ya pipa moja tu, pipa la mbao, la kuweka pembeni ya njia. Yeye hana kosa, kosa ni letu, haya mambo yalikuwa vichwani mwetu na hakuna aliyewahi kuyaandika. Kwa hiyo nayaandika leo na nitatumia hilohilo pipa.

1. Pembetatu

Bajeti zetu: mhusika mkuu 8,000, adui 3,000, jengo 1,500, vitu vidogo vya mazingira kama pipa, sanduku au benchi visizidi 300. Hizi ni za gemu hili tu, kamera yetu iko juu na mbali, kwenye gemu lingine zingekuwa nyingine kabisa.

Nikisema pembetatu namaanisha pembetatu, sio feisi. Kwenye Blender washa Statistics kwenye menyu ya Overlays halafu usome mstari wa Triangles, feisi moja ya pembe nne ni pembetatu mbili kwa hiyo ukisoma Faces unajidanganya nusu kwa nusu.

Pipa la juzi lilikuja na pembetatu 2,600. Zuri kweli, pete za chuma zimechongwa, misumari imechongwa, hadi mwanya kati ya mbao na mbao. Sasa sini ya sokoni ina mapipa 40, zidisha upate 104,000 za mapipa peke yake, na kwenye simu hilo pipa lina urefu wa kidole gumba. Tukalifanya upya: duara la pande 12, safu 4 kwenda juu ili lipate tumbo, hapo ubavuni ni 96. Mfuniko wa juu 10. Kitako tumekifuta maana hakuna atakayekiona. Jumla 106. Pete na misumari vyote vimehamia kwenye tekscha, na nikiweka mapipa mawili pembeni kwa umbali wa kamera yetu hata mwenyewe aliyelichonga alishindwa kuyatofautisha.

Angalizo moja: injini yetu, Unity, haihesabu vateksi kama Blender. Kila ukingo mkali na kila mshono wa UV unagawa vateksi. Boksi la kawaida lina vateksi 8 kwenye Blender ila likiwa na kingo kali injini inaona 24. Kwa hiyo usiweke ukingo mkali kila mahali kwa mazoea, weka panapohitajika.

2. Tekscha

Mhusika mkuu 1024 yake mwenyewe, adui 512, vitu vidogo vyote vinagawana atlasi moja ya 1024 na pipa limepewa kipande cha 256 humo ndani. Vipimo vya tekscha nzima ni 256, 512, 1024 basi, usiniletee 1000 kwa 1000. Acha pikseli 8 kati ya kipande na kipande, la sivyo ukiwa mbali rangi ya jirani inavuja.

Usiniambie "lakini PNG yangu ni ndogo tu". Ukubwa wa PNG ni wa kwenye diski, simu ikiipakia inaifungua yote. 1024 isiyobanwa inakula memori MB 4, na ukiongeza mipmapu, zile nakala ndogondogo za kutazamwa kwa mbali, inafika 5.3. Sisi tunabana kwa ASTC 6x6, hiyohiyo tekscha ikiwa na mipmapu inashuka hadi kama MB 0.6. Skripti yetu ndani ya Unity inaweka mipangilio hiyo yenyewe, wewe usiguse. Ila inaweka kwa kusoma jina la faili, na ndio tunakuja kwenye balaa lenyewe.

3. Majina

Herufi ndogo zote, hakuna nafasi, namba mbili mwishoni mwa kitu, halafu aina ya tekscha:

```
sm_prop_pipa_01.fbx
t_prop_pipa_01_d.png
t_prop_pipa_01_n.png
```

`_d` ni rangi, `_n` ni nomo mapu, ile picha ya zambarau inayofanya sehemu bapa ionekane ina mabonde. (Vitu vya kwenye atlasi tunavikabidhi na tekscha zake, mimi ndiye naviunganisha.)

Juzi faili lilikuja kama `t_prop_pipa_01_N.png`. Herufi moja kubwa. Skripti yetu ndani ina hivi:

```csharp
if (assetPath.EndsWith("_n.png"))
    importer.textureType = TextureImporterType.NormalMap;
```

`_N` sio `_n`, kwa hiyo ikapita kimyakimya, Unity ikaichukua kama picha ya kawaida ya rangi na kuiwashia sRGB. Nomo sio rangi, zile ni namba za mwelekeo, na ukiwasha sRGB ile nusu, 0.5, inayomaanisha "hapa ni bapa" inasomwa kama 0.21 hivi, yani uso mzima unaonekana umeinama upande. Pipa likawa na kivuli upande wa jua. "Kaka, kwani mwanga unatoka wapi?" ndo swali aliloniuliza, na mimi badala ya kuangalia jina nikamwambia ageuze chaneli ya kijani, halafu abeki upya, halafu abadilishe UV abeki tena. Masaa matano. Sheda ya kawaida ya Unity ingetuonya kwamba tekscha haijawekwa kama nomo, ila sheda yetu tumeiandika wenyewe na haina onyo hilo.

Kwa hiyo kabla hujabeki chochote upya, bonyeza tekscha, tazama Inspector, Texture Type iwe Normal map. Kama imeandikwa Default, tatizo ni jina.

Kulirekebisha nako kuna mitego. Badilisha jina ndani ya Unity, usiende kwenye folda ya Windows, maana kila faili lina mwenzake wa `.meta` na ukimwacha nyuma Unity inatengeneza mpya, materiali zote zinapoteza tekscha. Ukishabadilisha, bonyeza kulia uchague Reimport, kubadili jina peke yake usitegemee kwamba kutairudisha kwenye skripti. Mtego wa mwisho ni wa Windows: kama tofauti ni herufi kubwa na ndogo tu, Git haioni kwamba jina limebadilika, kwako imepona na kwa wengine bado mbovu. Ukiona `git status` haionyeshi jina jipya, fanya hivi, yote mawili:

```
git mv t_prop_pipa_01_N.png t_prop_pipa_01_n.png
git mv t_prop_pipa_01_N.png.meta t_prop_pipa_01_n.png.meta
```

Ndio najua mtauliza kwa nini nisiirekebishe skripti ikubali herufi zote. Nimekataa kwa makusudi, tukiruhusu `_N` leo, kesho tuna `_Normal` na `_nrm` na hakuna mtu atapata faili kwa kutafuta. Nilichoongeza ni mstari mwekundu kwenye Console ukikosea.

4. Kutuma

Weka modeli kwenye sini ya `test_prop`, izungushe chini ya ile taa moja, piga picha mbili za skrini, moja kwa umbali wa kamera ya gemu na nyingine ya karibu, utume na namba ya pembetatu. Ile ya mbali ndo naangalia kwanza.