Somo: Mauzo yana kiwango chake, pango lina kiwango chake

Tukipima mradi, wengi wetu tunachukua mauzo, tunatoa gharama zote, kisha kinachobaki tunakirudisha kwenye thamani ya leo kwa kiwango kimoja cha punguzo. Kwa mradi uliobeba mkataba mzito, njia hiyo inaweza kukwambia "ingia" pale ambapo ulipaswa kukaa mbali. Tutumie mfano wa kutunga: kinu cha kukamua alizeti Singida, miaka 3, hesabu zote kwa milioni za shilingi.

Hatua ya 1: Tenganisha mafungu. Kila mwaka tunatarajia mauzo ya 120. Mbegu na usafirishaji ni 70, na hizi hupanda na kushuka pamoja na mauzo: usipouza mafuta, hununui mbegu. Kwa hiyo zibaki upande wa mauzo, tupate 50. Pango la godauni na mashine za kukodi ni 30 kwa mwaka, mkataba wa miaka 3 usiovunjika. Kuanzisha kinu kunahitaji 42 leo.

Hatua ya 2: Pima kwa njia ya mazoea. Kinachobaki ni 20 kwa mwaka. Kwa 18% tunapata 43.5. Tukitoa 42, mradi una faida ya 1.5. Wengi wangesaini hapo.

Hatua ya 3: Jiulize kila fungu lina uhakika gani. Ile 50 inategemea bei ya mafuta, mvua na washindani, na kwa hatari hiyo mwekezaji wetu anadai 18%. Pango halijali mvua. Mwaka mbaya au mzuri, mwenye godauni anataka 30 yake. Kwako ni deni kama deni lingine, kwa hiyo lirudishe kwa riba ambayo ungekopeshwa kwa dhamana nzuri kwa muda uleule. Tuseme 10%.

Hatua ya 4: Kokotoa upya. Ile 50 kwa 18% ni 108.7. Ile 30 kwa 10% ni 74.6. Tofauti ni 34.1, na ukitoa 42 umepata hasara ya 7.9. Kwenye Excel, weka mtaji A5, 50 za miaka mitatu B2 hadi D2, na pango B4 hadi D4:

```
=NPV(18%,B2:D2)-NPV(10%,B4:D4)-A5
```

Kwa nini jibu limegeuka? Fikiria ile 50 ikishuka kwa asilimia 20 tu, ikawa 40. Pango halishuki, kwa hiyo 20 yako inakuwa 10: nusu imekwenda. Masalio yana hatari kubwa kuliko mauzo yenyewe, na kuyapima kwa 18% ni kujipendelea. Ukitafuta kiwango kimoja kinachoifanya 20 kwa mwaka iwe 34.1 leo, `=RATE(3,20,-34.1)` itakupa karibu 35%.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nilifundishwa kwamba chenye hatari hupewa kiwango kikubwa. Gharama zangu zinanitisha. Kwa nini nisizipe 25%?*

Ndugu yangu, hapa ndipo watu wengi wanaumia. Kiwango kikubwa hupunguza thamani ya leo, iwe ya pesa inayoingia au inayotoka. Pango kwa 25% linakuwa 58.6 tu, na mradi wetu unaonyesha faida ya 8.1. Yaani gharama inavyokutisha zaidi, ndivyo mradi unavyopendeza! Ukihofia kwamba gharama itapanda, pandisha kiasi chake kwenye makadirio, usiguse kiwango.

*Na mkataba ukiruhusu kuondoka kwa notisi ya miezi 3?*

Basi deni la hakika ni la miezi hiyo 3 tu. Mauzo yakianguka utafunga kinu na pango litakoma, kwa hiyo malipo yaliyobaki yanafuata hali ya mauzo. Yape kiwango kinachokaribia 18%. Usisome neno "pango" peke yake, soma kifungu cha kuvunja mkataba.

*Dada, godauni langu hapa Mombasa linalipwa kwa dola. Nitumie riba ya shilingi?*

Hapana. Chukua malipo ya dola, yarudishe kwa riba ya dola ya muda huohuo, kisha badilisha jumla kwa bei ya leo ya dola. Ukitumia riba ya shilingi, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi, juu ya dola zilizogeuzwa kwa bei ya leo, pango litaonekana jepesi kuliko lilivyo.