Maneno ya kuandika chini ya picha ya theluji ya kwanza

Ukiandika "Theluji jamani, baridi kali!", waliobaki nyumbani hawaoni kitu. Anza na jambo moja ambalo picha haiwezi kuonyesha. Kwa aliyezoea mvua, kubwa ni ukimya: theluji huanguka bila kelele, na ikiwa mpya na laini hufyonza sauti za mtaa. Mshangao huo uutangulize, kisha kutetemeka kufuate, kwa sababu kichekesho kikitangulia watu hucheka na kupita. Kichekesho chenyewe kitoke mwilini: vidole, pua, meno yanayogongana.

Tuseme uko Minneapolis, Marekani, na simu inasoma 21°F, yaani Farenhaiti. Namba hiyo itamdanganya mtu wa Tanga, atadhani ni joto la kawaida. Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9: ni kama nyuzi −6 za Selsiasi. Basi andika:

"Mama, inaanguka kimya kabisa, hata bati lisingeisikia. Nyuzi −6. Nimevua glavu nipige picha moja tu, vidole vimegoma kurudi kazini."

Ukimtaja mama, kila shangazi atajibu.

Yaandike ukiwa ndani. Baridi hudhoofisha betri, na simu inaweza kuzimika ghafla hata ikionyesha chaji. Na theluji ikitoka ya kijivu kwenye picha na uso wako mweusi tii, kamera imepunguza mwanga kwa sababu ya weupe mwingi: gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo kabla ya kupiga.