Otopailoti ya Caravan: uelekeo, mwinuko na kitufe kinachosahaulika

Mwongozo huu niliuandaa baada ya kumsaidia rubani mwenzangu wa Arusha aliyehamia kwenye ndege ya Cessna Caravan yenye skrini za Garmin G1000 na otopailoti ya GFC 700.

Hatua ya 1. Ukishapaa kutoka uwanja wa Kisongo, Arusha, bonyeza `FD`. Flaiti dairekta itaonyesha kwenye skrini alama ya zambarau inayokuambia uinue pua kiasi gani na uilaze ndege kiasi gani, lakini yenyewe haigusi usukani. Ni kitufe cha `AP` kinachoziagiza mota za otopailoti zinazosogeza usukani zifuate maelekezo hayohayo. Mimi hupendelea kuifuata alama kwa mkono kwanza, kwa sababu agizo lisilofaa huonekana mapema, kabla mota hazijalitekeleza.

Hatua ya 2. Weka alama ya uelekeo, kisha bonyeza `HDG`. Kompyuta hupima tofauti kati ya uelekeo uliochaguliwa na ule wa ndege, huilaza ndege upande unaotakiwa, na kuirudisha sawa taratibu kadiri tofauti inavyopungua. Haisahihishi upepo: ukiruka kwa noti 150 huku upepo wa noti 20 ukivuma kutoka ubavuni, baada ya dakika 12 utakuwa umesukumwa maili 4 kando ya njia. Mlima Meru ukiwa kaskazini mashariki ya uwanja, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 3. Chagua mwinuko, kisha bonyeza `FLC`, inayopanda kwa kushikilia mwendo uliochaguliwa. Katika kupanda naipendelea kuliko `VS`, kwa kuwa `VS` hung'ang'ania kiwango cha kupanda hata nguvu ya injini inapopungua, na mwendo ukashuka hadi hatari, maana hakuna mota inayogusa nguvu ya injini.

Hatua ya 4 ndiyo inayowatatiza wengi. Tuseme unapanda kwenda futi 9,000, na juu ya skrini `ALTS`, yaani hali ya kuukamata mwinuko uliochaguliwa, imeandikwa kwa rangi nyeupe, yaani inasubiri. Ukikaribia mwinuko huo hugeuka kijani na pua huanza kushuka. Zikibaki futi 50, `ALT` huchukua nafasi yake na kuanza kushika mwinuko kwa kipimo cha shinikizo la hewa. Sasa mwongozaji wa ndege aliyeko ardhini anakuruhusu kupanda hadi futi 11,000.

Ukizungusha kitasa cha kuchagua mwinuko wakati `ALTS` ni ya kijani, kompyuta huacha kunyoosha ndege na kurudi kwenye `PIT`, ikishikilia pembe ya pua iliyokuwapo wakati huo. Kwa kuwa pua ilikwisha kuteremshwa, ndege hupanda kwa kusuasua huku mwendo ukiongezeka. Ukizungusha wakati `ALT` imeshashika, ndege hubaki futi 9,000, ingawa namba iliyochaguliwa inasomeka 11,000. Katika hali zote mbili alama ya flaiti dairekta itaonekana imetulia, kwa hiyo utulivu wake usiuchukue kuwa uthibitisho. Bonyeza `FLC` tena, usome `FLC` ya kijani na `ALTS` nyeupe kandoni, kisha uhakikishe kwamba nguvu ya injini ni ya kupandia.