Kumwandaa mkalimani kabla ya kupatana bei ya mawese na muuzaji wa Rumonge

Tuseme kikundi cha watengeneza sabuni hapa Kigoma kinataka madumu 200 ya mawese, na muuzaji anatoka Rumonge, Burundi. Mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili na Kifaransa, na mkalimani atasubiri kila mtu amalize ndipo afasiri.

Hatua ya 1: Ajenda. Chora safu mbili, Kiswahili kushoto na Kifaransa kulia, namba za vipengele zilingane. Hapo mtu akisema "turudi namba 3", wote wanaangalia mstari mmoja. Vipengele vinne vinatosha: ubora, kiasi, bei, kisha usafirishaji pamoja na malipo. Kipengele cha dakika 20 kitengee 40, maana kila neno litasemwa mara mbili.

Saa ziandike kwa uangalifu. Saa 3:00 asubuhi kwetu, kwenye safu ya Kifaransa ni 9:00, na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwao ni 8:00. Ongeza maneno "saa za Kigoma" pande zote mbili.

Hatua ya 2: Karatasi ya vipimo. Hapa ndipo hela inapopotelea, kwa hiyo usiwe na haraka. Sisi tunahesabu kwa dumu la lita 20, muuzaji anaweza kutaja kilo. Lita moja ya mawese ina uzito wa karibu kilo 0.9, hivyo dumu ni kama kilo 18. Akitaja shilingi 2,900 kwa kilo, dumu ni 52,200. Akiwa amemaanisha lita, dumu ni 58,000. Kwa madumu 200 tofauti ni shilingi 1,160,000. Mpe mkalimani jedwali la bei kwa kilo, lita, dumu na tani, zote kwa shilingi ya Tanzania. Mwombe asifasiri bei yoyote isiyo na kipimo, sarafu na mahali pa kukabidhiana: bandari ya Rumonge au ya Kigoma. Aulize kwanza, na ataje wazi kwamba swali ni lake.

Hatua ya 3: Dokezo la mkalimani peke yake. Ukurasa mmoja: nani atakaa wapi, nani ana kauli ya mwisho, na ofa zipi zina masharti, kwa mfano punguzo mtakalodai mkilipa nusu kabla ya mzigo kuondoka. Bei yenu ya mwisho msiiandike. Kazi yake haiihitaji, na karatasi hiyo itakuwa mezani.

Hatua ya 4: Kikao cha nusu saa siku moja kabla. Msomee tarakimu kwa sauti, naye azirudie kwa Kifaransa huku akiziandika. Wanakikundi nao wazoee kusema sentensi mbili tatu kisha kunyamaza. Waambie pia wasinong'onezane bei kwa Kiha, kwa sababu msemaji wa Kirundi atawaelewa. Wakitaka kushauriana, watoke nje.