Kalsiamu ikishuka baada ya kuondolewa tezi ya thairoidi

Mwongozo huu ni wa daktari au muuguzi anayebaki wodini na mgonjwa aliyeondolewa thairoidi yote.

1. Kabla ya upasuaji. Pima kalsiamu na vitamini D, na utibu upungufu mapema. Nyuzi za sauti ziangaliwe pia, maana mtu anaweza kuongea vizuri huku uzi mmoja umelala.

2. Wakati wa upasuaji. Tezi za parathairoidi, kwa kawaida nne, zimejibana nyuma ya thairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Mara nyingi tatizo ni kwamba zimekosa damu, si kwamba zimekatwa. Kwa hiyo mishipa midogo ya damu hufungwa karibu kabisa na thairoidi yenyewe. Tezi iliyokosa damu hukatwa vipande vya milimita 1 na kupandikizwa kwenye msuli wa shingo. Neva ya sauti nayo lazima ionekane kwa macho. Kipima neva kikinyamaza upande wa kwanza, mimi huahirisha upande wa pili: neva zote mbili zikilemaa, njia ya hewa inaweza kuziba.

3. Siku za mwanzo. Kipimo kizuri cha jioni ya upasuaji kisikupumbaze; kalsiamu hufika chini kabisa kati ya siku ya 2 na ya 4. Chukua mgonjwa wa siku ya 2 anayesema midomo na ncha za vidole zinamchonyota. Funga mkanda wa presha mkononi, uujaze pointi 20 juu ya presha yake ya juu, usubiri dakika 3. Kiganja kinajikunja, kidole gumba kinaingia ndani, vingine vinanyooka vikiwa vimekakamaa. Damu inaonyesha kalsiamu milimoli 1.85 kwa lita, wakati kawaida ni kama 2.1 hadi 2.6.

4. Matibabu. Huyu hasubiri vidonge. Mpe mililita 10 hadi 20 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, ndani ya dripu ndogo ya glukosi, kwa dakika 10, moyo ukifuatiliwa kwenye mashine. Hakikisha sindano imekaa ndani ya mshipa, kwani ikivuja huunguza nyama. Dripu ya polepole ifuate, pamoja na vidonge vya kalsiamu na kalsitrioli. Kalsiamu ikigoma kupanda, pima magnesiamu. Ikiwa chini, kalsiamu haitatulia mpaka irekebishwe.

Akiruhusiwa, mwelekeze atenganishe vidonge vya kalsiamu na thairoksini kwa saa 4, la sivyo thairoksini haifyonzwi vizuri.

5. Sauti. Sauti ya kukwaruza peke yake inaweza kuwa ya mpira wa kupumulia, lakini akipaliwa na maji, nyuzi ziangaliwe upya. Neva iliyovutwa tu hupona kwa wiki au miezi, akisaidiwa na mazoezi ya sauti. Mluzi wakati wa kuvuta pumzi ni dharura: ita daktari wa usingizi papo hapo, na uikague shingo, kwani damu iliyojikusanya chini ya kidonda huleta hali hiyohiyo.